Runinga juu ya meko, juu ya kabati au usawa wa macho: kipi kitaiacha shingo salama?

Nyumba nyingi za zamani hapa Mbeya, hasa za Uzunguni, zina meko ya ukutani sebuleni. Waliozijenga waliijua baridi ya Juni na Julai, wakaweka dohani katikati ya ukuta mkubwa na rafu ya mbao juu yake. Leo mtu akinunua runinga bapa, macho yake huenda moja kwa moja pale juu ya rafu. Pamekaa kama fremu ya picha, pako wazi, watoto hawapafikii. Nami kama fundi nimeitwa mara nyingi kufunga pale pale, na mara nyingi nimeitwa tena baadaye kushusha.

Mwaka huu niliitwa na muuguzi mmoja mstaafu na mumewe. Walikuwa wamenunua runinga ya inchi 50.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka ikae juu ya meko pale, uiinamishe kidogo itutazame. Shingo yangu mbovu, usije ukaniumiza."

Ombi hilo ndilo limenifanya niandike, kwa sababu watu wengi huliomba hivyo hivyo, na ndani yake mna kosa moja. Mama aliamini kwamba runinga ikiwa juu kisha ikainamishwa, shingo inakuwa imepona. Sivyo. Shingo haijui kioo kimeinama au kimesimama wima. Inachojua ni kitovu cha picha kiko juu kiasi gani kuliko macho, na kiko mbali kiasi gani. Ukikiinamisha kioo nyuzi 10, kitovu chake kinabaki karibu pale pale kilipokuwa, nawe unabaki umeinua kidevu vile vile. Kuinamisha kunasaidia picha: rangi hazififii, na mng'ao wa dirisha au taa unaondoka kwenye kioo. Kwa hiyo kimo huchaguliwa kwa ajili ya shingo, na mwinamo huchaguliwa kwa ajili ya picha. Ukivichanganya, utalipa breketi ya bei kubwa na bado utaenda kulala na maumivu kisogoni.

Maumivu yenyewe yanatoka wapi? Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5. Kikiwa kimesimama sawa juu ya uti wa mgongo, misuli ya nyuma ya shingo haifanyi kazi kubwa. Ukiinua kidevu na kukaa hivyo, misuli midogo iliyo chini ya kisogo inakaza bila kupumzika, na viungo vya nyuma ya shingo vinabanana. Dakika 10 hazina neno. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku ikifuatiwa na tamthilia, au mechi yenye dakika 30 za nyongeza, hapo ndipo mtu anaanza kujisugua. Macho nayo yana tabia yake. Mtu aliyekaa akatulia, macho yake hupenda kutazama mbele au chini kidogo ya usawa, si juu. Ukimlazimisha atazame juu, kope hufunguka zaidi na jicho hukauka upesi, na upepo wetu wa kiangazi unakausha kweli.

Kwanza pima macho, si ukuta

Kabla ya kulinganisha mahali popote, tunahitaji namba moja: kimo cha macho kutoka sakafuni, mtu akiwa amekaa anavyokaa siku zote. Hapa mafundi wengi hukosea kwa haraka. Nilimwomba mama akae kwenye sofa lake, nikashika futi, nikapima kutoka sakafuni hadi kona ya jicho: sentimita 111. Sikuandika. Tukanywa chai, tukazungumza habari za wajukuu, na baada ya robo saa nikapima tena bila kumwambia ajiweke sawa: sentimita 102. Sofa lake ni la siku nyingi, sponji imelala, na mwili ukishatulia mgongo hushuka. Zile sentimita 9 ndizo zinazotenganisha mkao wa mgeni na mkao wa mwenye nyumba. Runinga inafungwa kwa ajili ya mwenye nyumba.

Mzee yeye hukaa kwenye kiti kirefu chenye mgongo unaofika kichwani, na macho yake yalisoma 112. Mjukuu hukaa kwenye mkeka mbele ya wote, macho yakiwa sentimita 72 tu kutoka sakafuni. Kwenye makochi yale hadi ukutani, macho ya mama yalikuwa mita 2.7 kutoka mahali kioo kingekaa. Mtoto alikuwa mita 1.9.

Ukiwa na namba hizo, hesabu ni nyepesi. Kwa kila mita moja ya umbali, nyuzi moja ni karibu sentimita 1 na robo tatu. Kwa mama, aliye mita 2.7, nyuzi moja ni karibu sentimita 4.7. Chukua kimo cha kitovu cha kioo, toa kimo cha macho, gawa kwa 4.7, umepata nyuzi ambazo macho na shingo vitagawana kuzipanda. Kwa pembe kubwa hesabu hii inazidisha kidogo, lakini kwa kuchagua mahali inatosha kabisa.

Mahali patatu kwenye ukuta mmoja

Pembeni ya meko, upande wa kushoto, ukuta umeingia ndani na kuacha nafasi ya mita moja na nusu hivi. Hapo kulikuwa na kabati la vyombo la zamani. Tukawa na chaguo tatu: juu ya rafu ya meko, juu ya kabati, au kuliondoa kabati na kushuka hadi usawa wa macho. Runinga ile ya inchi 50, pamoja na fremu yake, ina urefu wa sentimita 65 kwenda juu. Haya ndiyo niliyomwandikia mama kwenye karatasi:

| Mahali | Kitovu cha kioo kutoka sakafuni | Mama hadi kitovu | Mama hadi ukingo wa juu | Mtoto mkekani hadi kitovu |
|---|---|---|---|---|
| Juu ya meko | sm 170 | nyuzi 14 juu | nyuzi 20 juu | nyuzi 27 juu |
| Juu ya kabati | sm 128 | nyuzi 5.5 juu | nyuzi 12 juu | nyuzi 16 juu |
| Usawa wa macho | sm 105 | chini ya nyuzi 1 | nyuzi 7.5 juu | nyuzi 10 juu |

Juu ya meko panaweza kumdanganya fundi mwenyewe. Wengi wetu tumeshika kwamba kitovu kisizidi nyuzi 15 juu ya macho, na mama yuko kwenye 14. Kwenye karatasi amepita. Lakini 15 ni ukomo, si lengo, na mtu anayetazama saa mbili kila jioni haishi ukomoni. Tazama pia safu ya mwisho: mtoto aliye chini kabisa na karibu zaidi anapanda nyuzi 27. Watoto hawalalamiki shingo. Utawaona tu wanalala chali mkekani, au wanarudi nyuma hadi wanaegemea miguu ya watu wazima. Ukiona hivyo nyumbani kwako, jua kioo kiko juu.

Meko pana jambo jingine lisilo la shingo. Vitabu vya maelekezo vya runinga nyingi vinataka hewa inayozizunguka isizidi nyuzi joto 40. Washa moto kama unavyouwasha Julai, subiri saa moja, halafu weka kipimajoto pale juu ya rafu mahali ambapo ukingo wa chini wa runinga ungekuwa. Kama hupati kipimajoto na mkono unashindwa kutulia pale, jibu umelipata. Na ukuta wa dohani si wa kutoboa bila kujua unene wake, maana nyuma ya tofali kuna njia ya moshi.

Hata hivyo sitasema juu ya meko hapafai kwa kila mtu. Mzee, kwenye kiti chake kirefu, anaegemeza kichwa. Mtu aliyelala nyuma kidogo huku kisogo kimeshikwa, macho yake yenyewe yameshapanda bila shingo kufanya kazi. Kwake nyuzi 12 zilikuwa za raha. Shida ni sofa la kawaida ambalo mgongo wake unaishia mabegani: mwili umelala nyuma, lakini kichwa hakina pa kuegemea, kwa hiyo mtu hukivuta mbele kisha akainua kidevu. Hapo shingo inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Basi swali la kwanza kwa anayependa runinga juu ni hili: je, sofa lako linashika kichwa?

Juu ya kabati ndipo watu wengi huishia, na kwa sofa la kimo cha kawaida si pabaya. Nyuzi 5 na nusu hadi kitovu, macho yanazibeba karibu zote yenyewe. Kinachoharibu hapa ni mapambo. Mtu anaweka kabati la sentimita 80, juu yake chombo cha maua, juu yake king'amuzi, halafu anasema runinga ianzie juu ya maua. Hapo kitovu kimefika 145 na hesabu imebadilika. Kama kabati linabaki, ukingo wa chini wa runinga ukae sentimita chache tu juu yake, na maua yatafutiwe pengine.

Usawa wa macho ndipo shingo inapumzika zaidi, na kama nyumba ina watu wazima tu wanaokaa kwenye makochi ya chini, ningechagua hapo bila kufikiri mara mbili. Lakini kwa mama kulikuwa na mawili ya kupima. La kwanza, mjukuu mwingine ana miaka miwili, na kioo kinachoanzia sentimita 72 ni kioo cha kupigwa kijiko. La pili ni miwani. Mama anavaa miwani yenye sehemu mbili, juu ya kuonea mbali na chini ya kusomea. Mtu wa miwani hiyo lazima atazame runinga kupitia sehemu ya juu. Akilala nyuma kwenye sofa na kioo kikiwa chini, mstari wa macho unaangukia sehemu ya kusomea, picha inakuwa ukungu, naye anashusha kidevu hadi kifuani ili aipate sehemu ya juu. Baada ya saa moja shingo inauma kwa upande mwingine. Kwa watu wa miwani hii, kitovu kikiwa juu ya macho kidogo ni bora kuliko kikiwa sawa au chini.

Kabla ya kukata shauri nilikata boksi la runinga yenyewe kwa ukubwa wa kioo, nikalibandika ukutani kwa gundi ya karatasi, kitovu kikiwa sentimita 115, nikamwomba mama alitazame jioni mbili huku runinga ikiwa bado juu ya meza. Ninawashauri wote wafanye hivi, haigharimu kitu. Kaa, fumba macho, tulia, kisha fumbua. Macho yakitua ndani ya boksi, hasa katikati au theluthi ya juu, umepata mahali. Yakitua chini ya boksi, liko juu mno.

Lilibaki pale pale 115. Hapo mama anapanda nyuzi 3 hadi kitovu, si hata 10 hadi ukingo wa juu, na mtoto 13. Ukingo wa chini ni sentimita 82. Kabati likahamia chumba cha kulia. Na sofa tukalisogeza kushoto karibu mita moja lielekee kioo, maana lingebaki likitazama meko mama angegeuza shingo nyuzi 20 upande mmoja kila jioni, na shingo iliyogeuzwa upande haina nafuu yoyote kuliko iliyoinuliwa.

Sasa mwinamo

Kimo kikishakaa, mwinamo unaanza na hesabu ile ile. Ili kioo kimtazame mtu usoni, kiinamishwe nyuzi sawa na zile anazopanda hadi kitovu. Kwa mama, nyuzi 3. Juu ya meko zingekuwa 14, na hapo vioo vingi vya bei nafuu vingehitaji kweli kuinamishwa, maana ukivitazama kutoka chini weusi hugeuka kijivu na nyuso hupauka. Kwa nyuzi 3 tofauti hiyo haionekani. Ningeweza kutumia breketi isiyoinama kabisa.

Kilichonifanya nisiitumie ni dirisha. Nyuma ya sofa lao kuna dirisha kubwa, kizingiti chake kikiwa sentimita 95 kutoka sakafuni, kama sentimita 80 nyuma ya kichwa cha mama. Kioo kikiwa wima, kuanzia sentimita 99 kwenda juu chote kilionyesha dirisha: mchana mama angeona pazia lake na mti wa parachichi wa jirani badala ya mtangazaji.

Kioo cha runinga kinafanya kama kioo cha kujitazamia. Ukikiinamisha nyuzi moja, mahali kinapopaakisi panashuka nyuzi mbili. Ndiyo maana mwinamo mdogo una nguvu kubwa kwenye mng'ao. Tulipoinamisha nyuzi 5, sehemu kubwa ya kioo ilianza kuakisi ukuta ulio chini ya dirisha na mgongo wa sofa, vitu vya giza visivyosumbua, na dirisha likabaki kwenye theluthi ya juu tu. Tungeweza kwenda hadi 8 na kulifukuza karibu lote. Lakini nyuzi 8 kwa mtu anayepanda 3 ni kumwinamia kupita kiasi: picha inaanza kuonekana pana juu na nyembamba chini, na wanaokaa mbali kwenye viti vya pembeni wanaiona vibaya. Tukaishia 5, pazia zito likamaliza iliyobaki.

Kuna kosa la kinyume ambalo nimeliona kwenye nyumba zenye runinga ya chini sana. Mtu anaona kioo kiko chini, anakiinua uso kitazame juu. Kwa picha ni sawa, lakini mahali kinapopaakisi panapanda mara mbili, na usiku taa ya darini inatua katikati ya kioo. Kama runinga yako ya chini ina doa la taa ambalo halitoki, angalia kwanza kama haijalala nyuma nyuzi mbili tatu.

Mwinamo unaweza kuupima kwa timazi, huhitaji kifaa cha ajabu. Shikilia uzi kwenye ukingo wa juu wa runinga, acha uzito uning'inie mbele ya kioo, kisha pima nafasi kati ya uzi na ukingo wa chini. Kwa runinga yenye urefu wa sentimita 65, kila nyuzi moja ni karibu sentimita 1.1. Nyuzi 5 zilitupa sentimita 5.7. Rudia baada ya wiki. Breketi za bei ya chini zina boliti ya kubana pembeni ambayo hulegea, na runinga hujiinamisha yenyewe polepole hadi mwisho. Mwenye nyumba haoni ikitokea, anaona tu kwamba siku hizi picha "imekuwa nyeusi". Tukikuta sentimita 9 mahali pa 5.7, tunabana upya.

Breketi ipi kwa kimo kipi

Kwa kitovu kilicho ndani ya nyuzi 5 za macho na hakuna dirisha wala taa inayoakisi, breketi isiyoinama inatosha. Inaikalisha runinga sentimita 2 au 3 tu kutoka ukutani, haina cha kulegea, na ni rahisi. Ubaya wake ni mmoja: ukikosea kimo, umekosea.

Inayoinama ndiyo ninayoipendekeza mara nyingi, kwa sababu sebule zetu zina madirisha mapana. Nyingi hufika nyuzi 10 hadi 15. Usiipende kwa ajili ya 15 hizo. Mtu anayehitaji 15 nyumbani kwake ameshaweka runinga juu mno.

Ya mkono, ile inayovutwa mbele na kuzungushwa, ni nzuri kwa pembe ya chumba, na zipo chache zinazoshuka chini zikivutwa, hata kutoka juu ya meko. Lakini angalia ukuta. Mkono ukivutwa, uzito ule ule unang'oa skrubu za juu kwa nguvu kubwa zaidi. Nyumba nyingi za Mbeya na Iringa ni za tofali za kuchoma, na baadhi ya za zamani zimejengwa kwa udongo kati ya tofali badala ya saruji. Toboa katikati ya tofali, si kwenye kiungo, na zima kitendo cha nyundo kwenye drili ili tofali lisipasuke. Vumbi likitoka jekundu na kavu, uko kwenye tofali. Likitoka la kijivu au la udongo laini huku biti inazama ghafla, umeingia kwenye kiungo, sogea. Ukuta usioaminika ninaupa kwanza ubao mnene wa msonobari, huu wetu wa Sao Hill unafaa, ufungwe kwa skrubu sita au nane zilizotawanyika kwenye tofali mbalimbali, kisha breketi ifungwe kwenye ubao. Kwa ubao huo bado sifungi ya mkono.

Na kosa linaloharibu kimo kizuri dakika ya mwisho ni kupima kitovu cha breketi na kudhani ndicho kitovu cha kioo. Matundu ya nyuma ya runinga mara nyingi hayako katikati. Laza runinga kifudifudi juu ya blanketi, funga zile reli mbili za breketi mgongoni mwake, kisha pima kutoka ukingo wa chini wa runinga hadi mahali ndoano za reli zinaposhika bamba la ukutani. Kwa mama ilikuwa sentimita 44. Ukingo wa chini tulitaka 82, kwa hiyo mstari wa ndoano ukawa sentimita 126 kutoka sakafuni. Ningeweka katikati ya bamba kwenye 115 bila kupima, runinga ingeshuka karibu na kijiko cha mjukuu.

Baa na chumba cha kulala

Watu hunijibu: mbona baa za Mwanjelwa zina runinga mita 2.1 juu na hatuumii? Kwa sababu ya umbali. Ukikaa mita 6, macho yako yakiwa sentimita 110, unapanda nyuzi 9 na nusu tu. Kaa meza ya mbele, mita 2, na unapanda karibu 27. Ndiyo maana meza hiyo hujaa mwisho siku ya mechi. Ukichukua kimo cha baa ukakipeleka kwenye sebule ya mita 2.5, umechukua meza ya mbele.

Chumbani kulala ni tofauti. Mtu aliyeegemea mito, macho yake yanatazama juu tayari na kichwa kimeshikwa, kwa hiyo kitovu cha sentimita 140 hadi 150 chenye mwinamo wa nyuzi 10 kinaweza kumfaa kuliko cha usawa wa macho. Pima vile vile, ukiwa umelala unavyolala.

Kwa anayejenga sasa, Iringa, Njombe au hapa, kimo cha runinga kinaamuliwa na fundi umeme miezi mingi kabla ya mimi kuitwa. Akiweka soketi sentimita 170 kutoka sakafuni "ya tivii", runinga itafuata soketi, kwa kuwa hakuna anayependa waya unaoning'inia. Kabla hajachimba ukuta, mpelekee kiti utakachokalia, kalia, pima macho yako, mwambie soketi na bomba la waya wa king'amuzi vikae kati ya sentimita 105 na 115, nyuma ya mahali kioo kitakapokuwa.